Asilimia 12 dhidi ya asilimia 20: mkopo upi ni ghali kweli ukihesabu mwaka mzima

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna dada anashona nguo, ana oda kubwa ya sare na anataka kuongeza mashine. Anahitaji milioni 1.2 kwa mwaka mmoja, na mezani ana ofa mbili. Wakopeshaji tuwaite A na B ili tusiwatangaze bure. A anasema riba ni asilimia 12 kwa mwaka, flati. B anasema riba ni asilimia 20 kwa mwaka, salio linalopungua. Miezi ni 12 kote, marejesho ni ya kila mwezi kote, na rejesho la kwanza linaanza mwezi mmoja baada ya kupokea hela. Kila aliyemuuliza alimjibu papo hapo: nenda A, 12 si ndogo kuliko 20? Na ukiziangalia hizo namba mbili tu utaona wana haki ya kusema hivo, shida ni kwamba hizo namba hazipimi kitu kimoja.

Tuanze na A. Riba ya flati wanapiga asilimia 12 ya milioni 1.2, inakuja 144,000, wanajumlisha na mkopo inakuwa 1,344,000, wanagawa kwa 12, rejesho ni 112,000 kila mwezi. Hesabu nyepesi hata mtoto anaiweza, na ndo sababu watu wanaipenda. Ila kila rejesho la 112,000 lina 100,000 ya kupunguza deni na 12,000 ya riba. Mwezi wa kwanza anadaiwa milioni 1.2 na riba ni 12,000. Mwezi wa saba anadaiwa laki 6 tu, maana nusu keshairudisha, riba bado ni ile ile 12,000. Mwezi wa mwisho anadaiwa laki 1 na bado analipa riba 12,000. Hapo simama kidogo uangalie, 12,000 juu ya laki 1 ni asilimia 12 kwa mwezi mmoja! Ni kama umepanga nyumba nzima, kila mwezi unarudisha chumba kimoja, halafu kodi unaendelea kulipia vyumba vyote.

Kuna njia ya kupata picha ya haraka bila kompyuta. Jiulize kwa wastani mwaka mzima huyu dada anakaa na hela ya watu kiasi gani mkononi. Mwezi wa kwanza milioni 1.2, wa pili milioni 1.1, inashuka hivo hivo mpaka laki 1. Wastani wake ni 650,000. Kwahiyo ile riba ya 144,000 hailipii milioni 1.2, inalipia wastani wa 650,000, na 144,000 gawa kwa 650,000 ni kama asilimia 22. Tayari ile 12 imekaribia mara mbili. Ukipiga kwa usahihi wenyewe, kwa mtindo ule ule ambao B anautumia kukata riba, yaani juu ya deni lililobaki tu, jibu ni asilimia 21.5 hivi. Inakuwa chini kidogo ya 22 kwasababu kwenye mtindo wa B sehemu kubwa zaidi ya marejesho ya mwanzo inakwenda kwenye riba, deni linashuka taratibu zaidi, wastani wa deni unakuwa mkubwa kidogo. Hiyo tofauti isikusumbue, kwa kukadiria ukiwa umekaa mbele ya afisa mikopo, chukua riba ya flati zidisha kwa 1.8, kwa mikopo ya mwaka mmoja hivi utakuwa karibu sana na ukweli.

Sasa B. Hapa riba ya mwaka ni 20, kwa mwezi ni 20 gawa kwa 12, yaani kama asilimia 1.67, na inapigwa juu ya kile tu ambacho bado unadaiwa. Rejesho lake lililo sawa kila mwezi linakuja 111,161. Mwezi wa kwanza riba ni 20,000, maana deni ni milioni 1.2 nzima, na 91,161 inakwenda kupunguza deni, linabaki 1,108,839. Mwezi wa pili riba ni 18,481. Inashuka hivo mpaka mwezi wa 12 ambapo riba ni kama 1,800 tu. Jumla ya riba mwaka mzima ni 133,937.

Umeona? Yule wa asilimia 20 anakula riba ndogo kuliko yule wa asilimia 12. Rejesho lake pia ni dogo, kwa 839 hivi kwa mwezi. Wengi wanaojua jua mambo ya mikopo wakifika hapa wanafunga daftari na kusema basi, flati ni wizi, chukua B. Mi nilipofika hapa nikamuuliza yule dada swali moja: hela yenyewe utakayoshika mkononi ni shilingi ngapi? Akaniambia si milioni 1.2? Nikamwambia hapana dada yangu, nisomee kurasa za ada.

A anakata ada ya kushughulikia mkopo asilimia 1, yaani 12,000, na anaikata kwenye hela yenyewe kabla hajakupa. B anakata asilimia 2.5, yaani 30,000, naye anaikata juu kwa juu. Kwahiyo kwa A anatoka na 1,188,000, kwa B anatoka na 1,170,000, lakini kote riba inapigwa kama vile amepokea milioni 1.2 kamili. Na hapa ndo sehemu ambayo watu wengi wanaichukulia kama kitu kidogo, asilimia 2.5 nini bana. Sasa kumbuka ule wastani. Ada inalipwa mara moja mwanzoni, ila hela unayokaa nayo kwa wastani ni kama nusu tu ya mkopo, kwahiyo ada ya asilimia 2.5 kwenye mkopo wa mwaka mmoja unaorejeshwa kila mwezi inaongeza karibu asilimia 5 kwenye riba yako ya mwaka. Mkopo ukiwa wa miezi sita itauma zaidi, ukiwa wa miaka mitatu itauma kidogo.

Kwahiyo njia ya haki ya kulinganisha ni moja: unachukua hela iliyofika mkononi kweli, unachukua kila rejesho utakalotoa, halafu unatafuta ni riba gani ya salio linalopungua ingeweza kuzaa marejesho hayo kutoka kwenye hela hiyo. Kwa mkono ni kazi ya kubahatisha na kurekebisha mpaka uchoke, ila Excel au Google Sheets inafanya kwa mstari mmoja. Mstari wa kwanza ni wa A, wa pili ni wa B:

```
=RATE(12,-112000,1188000)*12
=RATE(12,-111161,1170000)*12
```

Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho lenyewe likiwa na alama ya kutoa maana ni hela inayokutoka, ya tatu ni hela uliyopokea. Makosa ninayoyaona sana hapo ni mawili. Moja mtu anasahau ile alama ya kutoa, programu inamrudishia kosa. La pili ni baya zaidi kwasababu halionekani: anaweka 1,200,000 badala ya hela iliyofika mkononi, anapata jibu zuri lisilo na ada ndani yake na analiamini. Angalizo dogo, kwenye baadhi ya kompyuta kitenganishi ni nukta mkato badala ya mkato, ikikataa jaribu hiyo.

Majibu sasa. A inakuja asilimia 23.4 kwa mwaka, B inakuja asilimia 24.9. Kibao kimegeuka tena! Kwa hela kamili, A inamgharimu 144,000 ya riba na 12,000 ya ada, jumla 156,000. B inamgharimu 133,937 na 30,000, jumla 163,937. A ni nafuu kwa karibu 8,000. Ukitaka kubishana kwamba kuzidisha kwa 12 sio riba kamili ya mwaka, kwamba ilibidi uhesabu riba juu ya riba, uko sahihi na namba zote mbili zitapanda kidogo, ila mpangilio hautabadilika mradi umetumia njia moja kwa wote wawili.

Kwahiyo waliosema nenda A walipatia? Walipatia jibu kwa sababu isiyo yenyewe. Ada ya B ingekuwa asilimia 1 kama ya A, B ndo angekuwa nafuu. Hapa A ameshinda kwasababu ya ada tu, ile 12 dhidi ya 20 haijachangia chochote.

Ningemwambia achukue A tukamaliza, ila kuna kitu alikitaja mwanzoni nikakiweka pembeni. Ile oda ya sare. Wateja wake wanalipa sehemu kubwa ya hela baada ya kukabidhi mzigo, na kwa mipango yake hiyo ni kama mwezi wa sita wa mkopo. Akishika hizo hela anataka kufuta deni lote, hapendi kulala na deni. Sasa hilo linabadilisha swali lenyewe, maana hatulinganishi tena mikopo miwili ya miezi 12, tunalinganisha mikopo miwili ya miezi sita iliyoandikwa kwenye karatasi za miezi 12.

Kwa B hesabu iko wazi. Akishalipa marejesho sita, deni lililobaki ni 629,728. Analipa hiyo anaondoka, na riba ya miezi sita iliyobaki, kama 37,240, hailipi kabisa kwasababu riba ya salio linalopungua huzaliwa mwezi hadi mwezi, mwezi ambao haudaiwi hauna riba. Gharama yake yote inakuwa riba ya miezi sita 96,696 na ada 30,000, jumla 126,696.

Kwa A inategemea sentensi moja kwenye mkataba. Flati maana yake riba yote 144,000 ilishaongezwa kwenye deni siku ya kwanza. Mkataba ukinyamaza, au ukisema riba yote inalipwa hata ukimaliza mapema, basi mwezi wa sita atatakiwa kutoa 672,000, yaani marejesho sita yote yaliyobaki na riba yake ndani, gharama inabaki 156,000 ile ile. Kulipa mapema hakumpunguzii hata senti, na ukweli ni kwamba kunamuumiza, amerudisha hela ya watu miezi sita kabla na riba ameilipia yote. Hapo B ni nafuu kwa zaidi ya 29,000.

Ila wapo wakopeshaji wa flati wanaorudisha sehemu ya riba ukimaliza mapema, na njia moja ya zamani wanayoitumia ni kanuni ya 78. Unajumlisha 1 mpaka 12 unapata 78. Mwezi wa kwanza unabeba mafungu 12 ya riba kati ya 78, wa pili 11, wa mwisho 1. Akimaliza mwezi wa sita, miezi sita iliyobaki inabeba 6+5+4+3+2+1, yaani mafungu 21, kwahiyo anarudishiwa 21 gawa kwa 78 ya 144,000, kama 38,769. Gharama yake kwa A ingeshuka mpaka 117,231, na hapo A inampiga B tena. Kumbuka tu kwamba 'nusu ya muda' haimaanishi nusu ya riba, watu wanategemea warudishiwe 72,000 halafu wanagombana na afisa kaunta. Riba nyingi inahesabiwa mwanzoni, ambapo deni ni kubwa.

Kwahiyo nikampa maswali mawili tu ya kwenda kuuliza, na nikamwambia asikubali jibu la mdomo. Kwa A: nikimaliza mkopo mwezi wa sita, nitatakiwa kulipa kiasi gani siku hiyo? Sio 'je kuna punguzo', maana punguzo kila mtu atakwambia lipo. Muulize kiasi, kwa namba. Kwa B: kuna faini ya kumaliza mapema? Maana wakopeshaji wa salio linalopungua wanajua kabisa kwamba ukiondoka mapema wanakosa riba, wengine wanaziba hilo pengo kwa faini ya asilimia fulani ya deni lililobaki.

Jibu la A lilikuwa 672,000. Afisa alikuwa mstaarabu tu, akamwambia 'dada, riba ilishapangwa, mfumo wenyewe haukubali kuipunguza'. Sawa, angalau alisema ukweli. Jibu la B lilikuwa faini ipo, asilimia 3 ya deni lililobaki, na hiyo haikuwa kwenye kile kikaratasi cha matangazo, ilikuwa ndani ya masharti.

Tukarudi kwenye daftari. Mwezi wa sita asilimia 3 ya 629,728 ni 18,892. Ongeza kwenye 126,696 unapata 145,588. Bado iko chini ya 156,000 za A kwa elfu 10 hivi. Mwezi wa saba deni la B ni 529,062, faini ni 15,872, gharama yote inafika 153,064, bado B inaongoza ila kwa kuponea chupuchupu. Mwezi wa nane inafika 158,812, na hapo A ndo nafuu. Bila ile faini B angeongoza mpaka mwezi wa tisa. Yaani mpaka uko mwezi wa saba: akimaliza mwezi huo au kabla, B, akichelewa kuupita, A.

Hili ndo lilimfanya afikirie tena kuhusu wateja wake, maana tunajua wote wateja wa oda kubwa wanavyolipa. Wakisema mwezi wa sita inaweza kuwa wa nane. Nikamwambia tuangalie ukikosea unaumia kiasi gani kila upande. Akichukua B na wateja wachelewe mpaka mwisho, anapoteza karibu 8,000 ukilinganisha na A, na faini hailipi maana mkopo umeisha kwa ratiba yake. Akichelewa kidogo tu mpaka mwezi wa nane halafu akafuta deni, anapoteza kama 2,800. Akichukua A na wateja wakalipa kwa wakati, anapoteza elfu 10. Kwa hesabu hizo mtu anaeamini wateja wake nusu kwa nusu hana tofauti kubwa ya kupoteza usingizi. Kuna la ziada lakini ambalo haliko kwenye jumla: kwa B, akipata hela kidogo kidogo anaweza kulipa zaidi ya rejesho na deni likashuka na riba ikashuka nalo, kama mkataba unaruhusu malipo ya sehemu bila faini. Kwa A akilipa zaidi ni kama kalipa marejesho ya mbele tu, riba iko pale pale.

Akarudi B kuuliza hilo la malipo ya sehemu. Wakamwambia faini ni kwa anaefunga mkopo wote, malipo ya ziada hayana faini, na hiyo wakamwonyesha kwenye masharti kwa maandishi. Hapo mi nikawa sina swali tena. Maana anaweza kuwa analipa ziada mwezi wa sita mpaka deni likabaki dogo, na asilimia 3 ya deni dogo ni hela ndogo. Na kabla hajasaini nikamwambia jaribu kuomba ile ada ya 2.5 ishushwe, hiyo huwa wana uhuru nayo kuliko riba, mbaya zaidi watakataa. Wakashusha mpaka 2. Hiyo ni 6,000 imebaki mfukoni, na kwa hesabu yake mpaka ule wa mwezi wa saba ukasogea hadi wa nane.

Alichukua B. Kitu cha mwisho nilichomsisitiza ni kuomba taarifa ya mkopo baada ya rejesho la kwanza tu, asisubiri miezi. Salio linatakiwa lisome 1,108,839. Likisoma 1,100,000 na yeye kalipa 111,161, maana yake riba wameikata 11,161 na sio 20,000, kuna kitu hakiko sawa hata kama kwa sasa kinamfaidisha, baadae watakuja kurekebisha. Likisoma 1,100,000 na kalipa 120,000, wanatumia ule mtindo mwingine wa salio linalopungua, ambapo mtaji unakatwa laki 1 sawa kila mwezi na rejesho linaanza juu halafu linashuka mpaka 101,667, riba yote inakuwa 130,000. Mtindo huo ni nafuu kidogo, ila miezi ya mwanzo ni mizito, na mtu aliyepanga kulipa 111,000 anaweza kushtukizwa. Na likisoma kitu kama 1,223,000 baada ya kulipa rejesho, basi wamemuwekea riba ya mwaka mzima kwenye deni siku ya kwanza, yaani ni flati imevalishwa jina la salio linalopungua, na hapo anarudi ofisini na mkataba mkononi siku hiyo hiyo.

Taarifa ilikuja ikisoma 1,108,839.